Ripoti ya Tukio: Bibi wa Chumba Na. 6 Kukutwa Nje Usiku

Makao ya wazee, Lushoto. Usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, 12 Juni 2024.

Mhusika: Bibi, miaka 81, ana ugonjwa wa kusahau na shinikizo la damu (amlodipini 5 mg kila asubuhi). Hatumii dawa ya kuzuia damu kuganda. Hutembea kwa mkongojo.

Saa 8:40 usiku mlinzi alimkuta amesimama karibu na tangi la maji, nyuma ya jiko. Alivaa gauni la kulalia na kanga moja, miguu mitupu, pindo limelowa umande. Mkongojo ulibaki chumbani. Alipoulizwa anakwenda wapi alisema: "Nakwenda kufungulia ng'ombe." Alikubali kurudi bila kushurutishwa.

Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ni saa 6:30, aliposaidiwa kwenda chooni. Daftari la mzunguko limeandikwa "amelala" saa 8:00, lakini mhudumu anasema aliangalia kutoka mlangoni bila kuwasha taa, na mto ulikuwa chini ya blanketi. Muda huo usitegemewe: huenda alikaa nje hata zaidi ya saa moja.

Uchunguzi, saa 8:50: anajibu jina lake, hajui tarehe (kawaida yake). Joto 35.4, mapigo 92, presha 148/86, oksijeni 95%, sukari 6.1. Mchubuko wa sentimita 3 kwenye muundi wa kulia, umesafishwa na kufunikwa. Hakuna uvimbe kichwani. Nyonga hazimuumi na miguu ina urefu sawa. Hakuna aliyeshuhudia, hivyo kuanguka hakujaondolewa: fahamu, mboni na mapigo vinaangaliwa kila nusu saa kwa saa 2, kisha kila saa kwa saa 4. Akitapika, akisinzia kupita kawaida au akilalamika kichwa, apelekwe hospitali mara moja.

Nguo zilibadilishwa, akapewa soksi, blanketi mbili na chai vuguvugu baada ya kuhakikisha anameza vizuri. Chupa ya maji ya moto haikutumika. Ngozi yake huungua kabla hajahisi. Saa 9:20 joto lilikuwa 36.1.

Daktari alipigiwa saa 9:05. Ameagiza mkojo upelekwe maabara asubuhi, kwa kuwa kuchanganyikiwa kumezidi tangu Jumapili. Antibiotiki isianzwe kabla ya majibu.

Familia: simu ya mwanawe wa kiume haikupatikana saa 9:10. Binti alipokea saa 9:15, akaelezwa yote, pamoja na mlango. Alisema mama yake alizoea kukamua alfajiri, akauliza: "Nesi, ameumia?" Atafika leo saa 5 asubuhi. Alipigiwa tena saa 12:30 kujulishwa hali.

Alikotokea: mlango wa jiko. Komeo la ndani halikurudishwa baada ya taka kutolewa jioni, na taa ya korido imeungua. Komeo limefungwa, fundi ameitwa kwa taa. Bibi asifungiwe chumbani. Mzunguko wake uwe kila nusu saa, kwa kumwona uso.

Imeandikwa na muuguzi wa zamu ya usiku, saa 12:45 asubuhi. Zamu ya mchana imekabidhiwa kopo la mkojo na chati ya fahamu. Kipimo kinachofuata ni saa 1:00.