Wimbo wa Herufi Uani kwa Bibi: Mswada wa Video ya Watoto

Urefu: dakika 5. Watazamaji: watoto wa miaka 3 hadi 6. Mahali: ua wa nyumba ya mjini Pangani, wenye mnazi, mwembe na baraza.
Wanaoonekana: Bibi Mwanaidi, wajukuu Zuhura (6), Juma (5) na Neema (4).
Muziki: ngoma ya mkono na kayamba, mapigo 96 kwa dakika. Zumari inakaa kimya hadi Z. Tafadhali isitangulie, maana watoto wataisubiri.

Kila herufi ina mapigo 16: manne Bibi anatamka sauti mara mbili na watoto wanajibu, manne anaimba mstari, manne watoto wanaurudia, manne ni ya kitendo bila maneno. Hayo ya mwisho yasikatwe kwenye uhariri. Mtoto aliye nyumbani anachelewa kidogo, na hapo ndipo anapotufikia.

Tunatamka sauti, si jina la herufi: "b" fupi, midomo ikigongana. Kadi ya herufi, kubwa na ndogo, inakaa kona ya juu kushoto muda wote.

MWANZO (sekunde 10)
Asubuhi. Zuhura anafagia majani ya mwembe, Neema anamfuata na kifagio chake kidogo.
WATOTO: Shikamoo, Bibi!
BIBI: Marahaba, wajukuu zangu. Leo tunaimba nini?
JUMA: Herufi!

KIITIKIO (wote, makofi kwenye kila pigo)
Tuimbe, tupige kofi,
tuziiteni herufi,
sauti zitoke safi:
moja moja zinafika.

UBETI WA 1
Asali iko chunguni,
Bata watatu dimbwini,
Chura aruka njiani,
Dafu puu! ladondoka.

A: Kidole kinachovya chungu cha kuwaziwa, kinalambwa, "aaa!" Picha: uzi wa asali unashuka taratibu kutoka kwenye kijiko, kamera karibu kabisa.
B: Viwiko vinapigapiga mbavuni kama mabawa. Picha: bata watatu dimbwini baada ya mvua. Picha hii ichukuliwe bila watoto karibu na maji.
Ch: Wote wanachuchumaa, wanaruka mara moja. Picha: chura wa kuchorwa anaruka kutoka c kwenda h, na herufi zote mbili ziko kwenye kadi moja. Kwetu c haisimami peke yake, kwa hiyo isionekane bila h hata kwa nukta moja.
D: Mikono juu, halafu chini kwa kishindo, "puu!" Picha: dafu kwenye mchanga, vumbi linatimka. Linadondoshwa kwa kamba uani pasipo na mtu.

UBETI WA 2
Embe bivu, embe tamu,
Filimbi yake mwalimu,
Gari limebeba ndimu,
Hodi, mgeni kafika.

E: Kuzungusha mkono tumboni. Picha: Neema na embe dodo, maji yanamchuruzika hadi kiwikoni. Asifutwe.
F: Kidole mbele ya midomo, kupuliza "fff" mpaka upepo usikike mkononi. Picha: filimbi shingoni mwa mwalimu.
G: Kushika usukani. Picha: gari la mti la Juma, magurudumu ya vizibo, limejaa ndimu, moja inaanguka na inaachwa ibingirike.
H: Kubisha hewani mara mbili. Picha: lango linafunguka, mjomba ameshika kapu. Bibi anajibu "Karibu!" ndani ya mapigo ya kitendo.

(Kiitikio)

UBETI WA 3
Iliki ndani ya chai,
Jogoo hatagi yai,
Kaa mbele hatambai,
Lori kubwa lageuka.

I: Kunusa kikombe, macho yamefumbwa. Picha: punje za iliki zinapondwa kwenye kinu.
J: Kidole kinatikiswa, "hapana!" Picha: jogoo kasimama juu ya kiota kitupu, mkia wake unachorwa mstari na kuwa J.
K: Vidole viwili vya kila mkono vinabana kama magando, wote wanatembea upande upande. Picha: kaa wa kweli ufukweni maji yakiwa yametoka. Hapa ndipo watoto hucheka zaidi, basi mpiga kamera amfuate kaa mpaka aingie shimoni.
L: Kukunja kona kwa mikono miwili. Picha kutoka juu: alama za matairi mchangani zinashuka, zinakata kona, zinabaki L.

UBETI WA 4
Maji yamo mtungini,
Nazi nakuna mbuzini,
Oga, jipake sabuni,
Paka maji kayaruka.

M: Midomo imefungwa, "mmm", kisha kunywa. Picha: kata inazama mtungini.
N: Kukuna kwa mikono miwili. Picha: Bibi amekaa juu ya mbuzi, tui linaanzia hapa, nazi nyeupe iliyokunwa inajaa sinia. Nimeacha ndizi, nyoka na ng'ombe kwa makusudi, japo ndiyo maneno ya kwanza kumjia mtu. Mtoto asikie n peke yake kabla hajakutana na nd, ny na ng'.
O: Kujisugua kichwani na kwapani. Picha: povu la duara juu ya beseni linakuwa O.
P: Hatua moja ndefu. Picha: maji ya kuoga yanatiririka uani, paka anayavuka bila kulowa.

(Kiitikio)

UBETI WA 5
Rafiki nipe mkono,
Samaki hana mikono,
Tembo mkubwa, mnono,
Uji moto wachemka.

R: Kupeana mkono na aliye karibu, Juma anaunyoosha kuelekea kamera, kwa mtoto aliye peke yake nyumbani. Asiyeweza bado kutetemesha ulimi na kusema "l" asisahihishwe kwenye wimbo.
S: Mikono imefichwa mgongoni, mwili unapinda. Picha: samaki anaogelea, njia yake ni S.
T: Mkono mmoja ni mkonga. Picha: tembo wa kuchorwa, maana uani hatumpati.
U: Kupuliza bakuli. Picha: sufuria jikoni, mapovu ya uji, mvuke. Mwiko anaushika Bibi tu.

UBETI WA 6
Viatu nje mlangoni,
Wali tele siniani,
Yai limo kiotani,
Zumari inasikika.

V: Kuvua viatu vya kuwaziwa. Picha: kandambili mbili, visigino vimegusana, zinafanya V.
W: Kunawa mikono, kisha tonge mdomoni. Picha: mwiko unachora W juu ya wali wa nazi.
Y: Viganja vinakumbatia yai. Picha: jogoo wa J anapita, safari hii kuna tetea aliyelalia.
Z: Vidole vinacheza juu ya bomba. Zumari inaingia kwa nguvu, mjomba wa H ndiye mpigaji. Kapu lake lilikuwa limeificha.

KIITIKIO CHA MWISHO (na zumari, kadi 24 zinatokea safu sita za nne nne)

MWISHO (sekunde 10)
Watoto wamezunguka sinia.
ZUHURA: Bibi, mbona q na x hazikuja?
BIBI: Hizo hatuziandiki kwenye maneno yetu, mama. Utakutana nazo kwenye lugha nyingine.
Neema, mdomo umejaa, ananyoosha kidole nyuma ya kamera.
NEEMA: Ch! Ch! Chura!
Wote wanageuka. Skrini inakuwa nyeusi, mruko mmoja unasikika majini.