BEI ZA DIZAINI MWEZI HUU, ZISOME KABLA HUJANIULIZA "BEI GANI"

Habari zenu wapendwa, mnaniuliza bei kila siku inboksi basi leo naziweka hapa wazi.

LOGO: elfu 60, unapata michoro miwili unachagua mmoja, marekebisho mara tatu. Ukitaka na mafaili yote (PNG isiyo na bakgraundi, PDF na SVG ya kuprintia bango hata likiwa kubwa kama ukuta) ni elfu 100. Na ile SVG msiidharau jamani, kuna mteja alikuja na logo yake ameipiga skrinshoti WhatsApp anataka iende kwenye tisheti 50, ilivyovutwa ikawa vumbi tupu, ikabidi niichore upya.

FLAYA: elfu 15 upande mmoja, elfu 25 pande mbili, saizi A5. Kuprinti hujalipa hapo, ila nikikupeleka Kariakoo kwa fundi wangu hatukugongi.

POSTI ZA INSTA: 12 kwa mwezi elfu 120, 20 kwa elfu 180, na stori zake nakupa bure. Picha za bidhaa unaleta wewe, tena zipige mchana karibu na dirisha, sio usiku kwa taa ya kibatari halafu uje useme dizaina kaharibu 😂

Advansi nusu ndo naanza, M-Pesa au Mixx by Yas, iliyobaki kabla sijatuma mafaili. Logo siku nne, flaya kesho yake. Ya "leo leo" inaongezeka elfu 10.

Njoo inboksi na jina la biashara na rangi unazopenda.