Ripoti ya Jaribio la Kupenya: Tovuti ya Wanachama wa SACCOS

Muhtasari kwa Uongozi
Mwanachama yeyote aliyeingia anaweza kusoma taarifa za mwenzake. Tunashauri huduma ya taarifa za akaunti izimwe leo, kabla ya kazi nyingine yoyote.

1. Taarifa za akaunti haziko salama. Hatari: Juu Sana
Ushahidi: tukiwa ndani ya akaunti ya majaribio 1041, tulibadilisha namba tu:

```
GET /api/taarifa/1042
HTTP/1.1 200 OK
```

Salio, mkopo na majina ya wadhamini vilionekana vyote.
Marekebisho: kwa kila ombi, seva ithibitishe kwamba mwombaji ndiye mwenye akaunti. Kuficha namba hakutoshi.

2. Kukisia nywila hakuna kikomo. Hatari: Kati
Ushahidi: majaribio 500 mfululizo hayakuzuiwa.
Marekebisho: cheleweshani majaribio baada ya makosa 5; wekeni uthibitisho wa hatua mbili.