Konvolusheni yetu inawahi hatua moja: rekebisha mstari wa kukata

Dada Somoe,

Habari za tangu mchana. Nimelipitia faili lako la lainisha.py na kosa limeonekana. Liko kwenye mstari wa mwisho wa fanksheni tu. Lupu zako ziache kama zilivyo: nililinganisha jibu lake kabla halijakatwa na np.convolve(x, h), np.allclose ikarudisha True.

Kilichonishtua ni grafu ya Mikindani ya siku ya bamvua. Data ghafi inaonyesha maji yamejaa saa kumi na nusu alasiri, lakini mstari uliolainishwa una kilele saa kumi na robo. Nikaangalia maji yalipokupwa, napo vilevile, robo saa mapema. Sisi tunasoma kina kila dakika 15, kwa hiyo hiyo ni hatua moja kamili. Saa ya kipimo haina hatia, maana ingekosea yenyewe, data ghafi nayo ingesogea. Tukipeleka ripoti hivi, wavuvi wa pale watatucheka: maji bado yanajaa, sisi tumeshaandika yanapwa.

Mstari wenyewe ni huu:

```python
i = int(np.ceil((K - 1) / 2))
return y[i + 1 : i + 1 + N]
```

Naona umeutoa kwenye karatasi ya Octave tuliyopewa, ambako umeandikwa `y(idx+1:idx+la)`. Kule ni sahihi kabisa. Octave huanza kuhesabu kwenye 1, na namba ya mwisho nayo huingia. Python huanza kwenye 0, na namba ya mwisho haiingii. Ile `+1` ya mwanzo ilikuwepo kwa ajili ya hesabu ya Octave. Huku inaruka thamani moja nzima. Nadhani ulipounakili neno kwa neno ulipata safu iliyopungua kimoja, ukaongeza moja upande wa mwisho ili urefu ukae sawa. Urefu ukakaa sawa kweli, na ndiyo maana Python haikulalamika tena, ila dirisha zima likabaki limesogea.

Weka hivi:

```python
i = (K - 1) // 2
return y[i : i + N]
```

Kisha, kabla hujagusa data ya bahari, jaribu na safu ya sifuri yenye moja katikati:

```python
x = np.array([0, 0, 0, 1, 0, 0, 0])
h = np.array([1, 2, 3])
print(lainisha(x, h))
```

Namba zinatakiwa zitoke 0 0 1 2 3 0 0, yaani ile 2 ya katikati ya kichujio ikae palepale ilipokuwa moja. Msimbo wa sasa unatoa 0 1 2 3 0 0 0. Nimechagua h isiyolingana pande mbili kwa makusudi: ukiona 3 2 1, ujue kichujio hakikugeuzwa, na hiyo si konvolusheni tena. Kichujio chetu cha wastani kina thamani zote sawa, kwa hiyo kosa la namna hiyo kisingelionyesha hata siku moja.

Tafadhali usirekebishe kwa np.roll(y, 1). Katikati grafu itaonekana nzuri, lakini thamani ya mwisho wa siku itahamia mwanzo wa siku, na hapo tutakuwa tumeficha kosa moja kwa jingine.

Halafu tubaki na kichujio cha urefu wa 5, au 7 ukipenda. Urefu wa 4 hauna katikati, kwa hiyo jibu lazima lisogee nusu hatua, dakika saba na nusu kwetu. Na hapo Octave na NumPy hazikubaliani hata zikiwa zote sahihi: kwa urefu wa 4, "same" ya Octave inaanza hatua moja mbele ya ile ya NumPy. Ukilinganisha majibu yako na ya kundi linalotumia Octave utadhani kosa limerudi.

Kitu kimoja kitabaki hata baada ya marekebisho: kwa urefu wa 5, thamani mbili za mwanzo na mbili za mwisho zitashuka ghafla, na kwa 7 ni tatu tatu, kwa sababu nje ya data tunahesabu sifuri. Hilo si suala la kusogea. Kwenye grafu chora `t[2:-2]` na `y[2:-2]`, inatosha; kwa urefu wa 7 weka 3 badala ya 2. Muhimu muda na kina vikatwe pamoja.

Ukimaliza nitumie grafu ya siku ile ile ya bamvua, niiweke kwenye ripoti. Jedwali la maji mafu nimeshalipanga, linasubiri saa mpya za vilele tu.

Ndimi,
Hamisi