Barua kwa Neema kuhusu chanya na hasi kwenye michoro ya nguvu mkato na momenti

Kwako Neema,

Salaam. Baada ya kipindi uliniambia kwamba somo hili limekushinda. Nimelirudia jaribio lako mstari kwa mstari, na sikubaliani nawe. Nguvu za maegemeo umezipata sawasawa karibu kila mahali, na hesabu zako ni safi. Unapoteza alama ukishaikata boriti, pale unapoamua kipi ni chanya na kipi ni hasi.

Tazama swali la kwanza. Boriti imeegemea A na B, umbali wa 6 m, kisha imechomoza 2 m zaidi hadi C. Mzigo wa 12 kN unashuka 2 m kutoka A, na mwingine wa 6 kN unashuka pale C. Ukapata 6 kN kwa A na 12 kN kwa B, zote zikielekea juu. Sawa kabisa. Kutoka A ukachora +6, ukavuka mzigo ukashuka hadi −6. Hapo pia sawa.

Kisha ukakata kati ya B na C, ukachukua kipande cha kulia kwa kuwa kina nguvu moja tu. Uamuzi mzuri huo. Ila ukaona mzigo unashuka, ukaandika −6.

Neema, alama ya nguvu mkato haitokani na juu au chini peke yake. Inategemea pia umesimama upande gani wa mahali ulipokata. Ukibaki na kipande cha kushoto, nguvu ya nje inayopanda inahesabiwa chanya. Ukibaki na cha kulia, inayoshuka ndiyo chanya. Nyuso mbili za mahali pamoja zinasukumana kwa nguvu zilizo sawa na zinazopingana, kwa hiyo ni lazima kanuni igeuke ili pande zote mbili zitoe jibu moja. Kati ya B na C jibu ni +6.

Mchoro wako wenyewe ulikuwa unalalamika. Mstari umepita B ukiwa −6 ile ile, kana kwamba egemeo lenye 12 kN halipo. Ulipofika C, mzigo unaoshuka ungeupeleka hadi −12, lakini wewe umeupandisha hadi sifuri. Nimeona ulivyofuta hapo mara kadhaa. Ukijikuta unaulazimisha mstari ufunge, acha kalamu, rudi nyuma utafute alama iliyopinduka.

Kwenye momenti kosa ni lile lile, ila madhara yake ni makubwa zaidi. Pale B umechukua tena kipande cha kulia: 6 × 2 = 12, inazunguka kufuata saa, ukaandika +12. Kufuata saa ni chanya kwa kipande cha kushoto tu. Kwa cha kulia ni kinyume. Kabla ya kuandika alama yoyote, jiulize boriti inapindaje. Mzigo wa C unaivuta ncha chini, kwa hiyo juu ya B boriti inabinuka, na nyuzi za juu ndizo zinazovutwa. Hiyo ni −12. Kama ingekuwa zege, +12 yako ingeziweka nondo chini, na ufa ungeanza juu, mahali pasipo na chuma. Ndiyo maana nakata alama nyingi kwa kijistari kidogo namna hiyo.

Hakikisha kwa njia ya pili. Chini ya mzigo wa 12 kN momenti ni 6 × 2 = +12. Kutoka hapo hadi B nguvu mkato ni −6 kwa 4 m, yaani eneo la −24. 12 − 24 = −12. Mstari unakata sifuri 4 m kutoka A.

Swali la pili ni jambo dogo. Ulipata A = −3 kN, ukageuza mshale uelekee chini, kisha ukabakiza −3. Umegeuza mara mbili, ndiyo maana nguvu mkato ikawa +3 badala ya −3. Ama acha mshale juu na −3, ama ugeuze na uandike 3.

Utakutana na vitabu vinavyochora momenti chanya chini ya mstari, upande unaovutwa. Si makosa, lakini darasani kwetu chanya iko juu. Iandike kanuni hiyo kwenye kona ya karatasi kabla ya kuanza.

Fanya upya swali la kwanza mara mbili: kwanza kwa vipande vya kushoto tu, kisha vya kulia tu. Kila ulipokata, majibu yalingane kwa namba na kwa alama. Niletee ofisini Alhamisi baada ya kipindi cha asubuhi, hata kama hujamaliza. Swali la nne, lile la mzigo uliosambaa, tutalifanya pamoja.

Mwalimu wako,
Hamisi