Je, Maadili ya Dini Ndiyo Yaliyozaa Ubepari? Uhakiki wa Hoja ya Max Weber

Insha ya somo la Nadharia Asilia za Jamii, Kisumu

Mwanasosholojia wa Ujerumani Max Weber alichapisha Maadili ya Kiprotestanti na Roho ya Ubepari kwa sehemu mbili, 1904 na 1905, akiuliza swali ambalo bado lina uzito: kwa nini mtu aendelee kutafuta faida hata baada ya kushiba? Jibu alilipata kwa Wakalvini, Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya John Calvin. Kwao, Mungu amekwisha kuamua nani ataokoka, na hakuna padri wala sakramenti ya kuubadilisha uamuzi huo. Muumini hubaki na hofu. Ili kuituliza, hufanya kazi bila kulegea, hujinyima anasa, na mafanikio huyapokea kama dalili kwamba yumo miongoni mwa wateule. Pesa asiyoila inarudi kazini na kuzaa nyingine.

Tumtendee haki kwanza. Weber hakudai kwamba Matengenezo ya Kanisa peke yake yaliunda ubepari. Alilikana dai hilo waziwazi. Alichodai ni kwamba imani hiyo na mwenendo wa kibepari vilivutana na kufaana. Hata hivyo, naona hoja yake inayumba.

Tatizo la kwanza ni mfuatano wa matukio. Benki ya Medici ilianzishwa Florence mwaka 1397. Luca Pacioli, mtawa Mfransisko, alichapisha mwaka 1494 maelezo ya hesabu za kuingiza mara mbili, ambamo kila muamala huandikwa pande mbili. Jakob Fugger wa Augsburg, Mkatoliki hadi kufa kwake 1525, alikopesha wafalme. Luther alitoa hoja zake 1517, Calvin akamfuata. Weber aliliona pingamizi hili, akajibu kwamba Fugger alikuwa na uchu wa mali tu, si roho ya ubepari, kwa kuwa hakuona kuchuma kama wajibu wa kimaadili. Hapa ndipo ninapomkatalia kabisa. Ukikwisha kuieleza roho ya ubepari kwa sifa za mcha Mungu anayejinyima, halafu ukaikuta kwa wacha Mungu wanaojinyima, hujathibitisha chanzo chochote. Umezunguka na kurudi pale pale.

Na Waprotestanti waliotajirika je? Sascha Becker na Ludger Woessmann, katika utafiti wa 2009 kuhusu wilaya za Prussia ya karne ya 19, walionyesha kwamba tofauti ya kipato kati ya Waprotestanti na Wakatoliki inaweza kuelezwa kwa kiasi kikubwa na kujua kusoma. Luther alitaka kila muumini ajisomee Biblia, shule zikafuata. Kwa maelezo hayo dini imo, lakini kilichofanya kazi ni elimu, si hofu ya kutoteuliwa.

Tatizo zito zaidi ni kile ambacho Weber anakipita haraka: ubepari unahitaji mtaji na watu wasio na njia nyingine ila kuuza nguvu zao. Marx, katika Mtaji wa 1867, aliwataja wakulima wa Uingereza walionyang'anywa ardhi, utumwa na uporaji wa makoloni. Kujinyima kwa mfanyabiashara mmoja hakumwondoi jirani yake shambani.

Historia ya huku kwetu inaonyesha jambo hilo vizuri. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Mwaka uliofuata, Wakweka kutoka Marekani walianzisha misheni Kaimosi. Wakweka ni mojawapo ya madhehebu ambayo Weber mwenyewe aliyatolea mifano, na misheni yao ilifundisha ufundi pamoja na Injili, hata kukawa na kiwanda cha kupasua mbao. Kama maadili ndiyo yanayotangulia, Kaimosi ingekuwa mahali pazuri pa kuona hivyo. Lakini kilichowapeleka vijana wa Magharibi kwenye mashamba ya walowezi ni kodi ya nyumba, iliyodaiwa kwa fedha ambazo jembe la nyumbani halikuzitoa kirahisi. Mwumini na asiyeamini, wote walidaiwa. Wakati huo huo biashara ya Kisumu ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi, akiwemo Alidina Visram, Muislamu wa Ismailia, aliyefungua maduka kandokando ya njia za biashara za Uganda na Kenya. Nidhamu ya hesabu na akiba hawakuipata kwa Calvin.

Mtetezi wa Weber atasema kwamba yeye alieleza chimbuko la Ulaya, si ubepari ulioletwa kwa reli na bunduki. Ni kweli, na Kaimosi haiwezi kuthibitisha lolote kuhusu Geneva, mji wa Calvin. Lakini inauliza swali ambalo msomaji wa Weber hana budi kulirudisha Ulaya: mahubiri ya bidii yalimkuta nani? Huku kwetu yalimkuta mtu ambaye tayari alihitaji ujira, yakampa maana ya kazi ambayo hakuichagua. Weber mwenyewe aliandika kwamba dini ya kujinyima ilimpatia mwajiri wafanyakazi wenye bidii, walioiona kazi kuwa kusudi la maisha walilopewa na Mungu. Sentensi hiyo ameiweka karibu na mwisho wa kitabu. Ingekuwa mwanzo wake, angelazimika kueleza kwanza mwajiri huyo alitoka wapi.