Nakumatt, Januari 2018: uchambuzi wa kisa, toleo la pili la kundi

Toleo hili linachambua anguko la Nakumatt, kampuni ya supamaketi ya Kenya, na linachukua nafasi ya rasimu iliyosambazwa kwa wanakundi. Mambo yaliyotajwa mle karibu yote yamebaki. Kilichobadilika ni mpangilio wake. Rasimu ilitaja sababu nne za anguko (shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, ujio wa supamaketi shindani ya Carrefour, umiliki wa kifamilia na madeni) kana kwamba zina uzito sawa, kisha ikapendekeza "kutafuta mwekezaji na kuboresha uongozi". Pendekezo hilo lingeweza kubandikwa kwenye kampuni yoyote yenye shida. Hapa kila sababu imepimwa dhidi ya tarehe na matukio, na njia zilizoshindanishwa ni zile tu zinazogusa sababu iliyosalia.

Tumesimama Januari 2018, mahakama ilipomteua Peter Kahi kuwa msimamizi wa kampuni. Uamuzi wa wadai wa Januari 2020 wa kuifunga, pamoja na kuuzwa kwa matawi 6 ya mwisho kwa supamaketi shindani ya Naivas, umeondolewa kwenye hoja zetu. Rasimu iliutumia kuthibitisha kwamba kampuni "isingepona". Msimamizi hakuwa na habari hizo mezani, na anayezitumia anakuwa ametoka kwenye uchambuzi na kuingia kwenye kusimulia mwisho anaoujua tayari.

Swali la kisa

Msimamizi afanye nini na Nakumatt? Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 inampa malengo kwa mpangilio: kwanza, kuiokoa kampuni iendelee na biashara, hilo lisipowezekana, kuwapatia wadai wote matokeo bora kuliko ambavyo wangepata kampuni ikifilisiwa moja kwa moja, na hilo likishindikana, kuuza mali ili kuwalipa wadai wenye dhamana na wenye kipaumbele. Mpangilio huo ndio mizani yetu. Rasimu ilizipima njia kwa "faida na hasara" za jumla, na hivyo kila njia ilionekana nzuri kwa namna yake.

Uchunguzi

Tuanze na lisilobishaniwa. Kampuni iliyoanzia Nakuru kwa biashara ya magodoro ilifikisha matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu, wenye majengo walikuwa wakiitoa kwa kutolipa kodi ya pango, na madeni yalizidi Sh bilioni 30. Kundi lenye dai kubwa lilikuwa la wasambazaji wa bidhaa, na kando yao walikuwepo mabenki, wenye majengo, na watu waliokuwa wameshika takriban Sh bilioni 4 za hati za deni za muda mfupi zisizo na dhamana.

Je, ni Westgate? Tawi la Westgate liliharibiwa Septemba 2013, na hasara ilikuwa kubwa. Lakini mwaka uliofuata kampuni ilinunua maduka 3 ya Shoprite nchini Tanzania, na Westgate ilipofunguliwa tena Julai 2015, Nakumatt ilirudi humo. Kabla ya hapo, Januari 2009, tawi lake la katikati ya Nairobi liliteketea kwa moto uliopoteza maisha ya watu wengi. Kampuni iliendelea kufungua matawi baada ya msiba huo. Basi kupotea kwa tawi moja, hata tawi kubwa, hakukuizuia kupanuka. Westgate ilipunguza akiba ya kujikinga. Haielezi kwa nini rafu za Kisumu au Kampala zilikuwa tupu miaka minne baadaye.

Je, ni Carrefour? Duka lake la kwanza Kenya lilifunguliwa Karen mwaka 2016. Hoja hii inapotea mtu akitazama mpangilio wa matukio. Mshindani akikunyang'anya wateja, bidhaa hukukalia rafuni. Nakumatt ilikuwa kinyume: wateja waliingia wakakosa bidhaa, ndipo wakaenda kwingine. Hata nafasi ya Nakumatt pale Thika Road Mall, Carrefour iliichukua baada ya mpangaji wa awali kushindwa kulipa. Mshindani aliokota kilichokuwa kimekwisha kuanguka.

Umiliki wa kifamilia una uzito zaidi, ila si kwa namna rasimu ilivyousema. Naivas nayo ilikuwa ya familia, iliuza kwa Wakenya wale wale, na wakati huo ilikuwa ikikua. Jambo walilo nalo wote wawili haliwezi peke yake kueleza kwa nini mmoja alianguka na mwingine akasimama. Umiliki huo unagusa kisa mahali pamoja tu: mtaji. Kampuni haikuwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, haikulazimika kuchapisha hesabu zake, na mazungumzo ya kuuza sehemu ya hisa kwa mwekezaji wa nje hayakuzaa fedha. Upanuzi ulibidi ulipiwe na mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa msambazaji, na hapa ndipo penye kiini. Supamaketi huuza kwa fedha taslimu na kumlipa msambazaji baadaye. Tuchukue mfano wa kufikirika: duka linauza bidhaa za Sh milioni 100 kwa siku kwa bei ya kununulia, bidhaa inakaa rafuni siku 30, na msambazaji analipwa siku ya 60. Wakati wowote duka linashika mauzo ya siku 30, yaani Sh bilioni 3, ambazo si zake. Mauzo yakikua, fungu hilo linakua lenyewe, na meneja anaweza kuliona kama faida. Mauzo yakishuka hadi milioni 70 kwa siku, fungu linashuka hadi bilioni 2.1, na milioni 900 lazima zitoke hata kama kila tawi bado linapata faida.

Sasa tuseme fungu lile, pamoja na hati za miezi michache, limekwisha kufungwa kwenye majokofu, rafu, mifumo ya malipo na amana za pango za matawi mapya, vitu vinavyorudisha gharama kwa miaka. Milioni 900 hazipo. Msambazaji anacheleweshwa, anapunguza mzigo, rafu zinapungua, mauzo yanashuka tena, na fedha nyingine zinatakiwa kutoka. Mzunguko unajilisha.

Maelezo haya yanabeba kila tunachokiona, na kwa mpangilio sahihi: upanuzi hadi 2014 na 2015 licha ya misiba, wasambazaji kuwa kundi kubwa la wadai, rafu kukauka kabla ya wateja kuondoka, na matawi ya nchi zote kuugua kwa wakati mmoja. Tarehe za Westgate na Carrefour hazifanyi hivyo.

Utambuzi wetu kwa hiyo: Nakumatt ilipanua maduka ya kudumu kwa fedha za muda mfupi, na kufikia 2018 hitaji lake la kwanza ni bidhaa rafuni. Wateja walikuwa wamekimbia rafu tupu, hivyo kuwafuata kwa matangazo kusingerudisha chochote.

Njia zilizo mbele ya msimamizi

Utambuzi huu unafuta njia mbili za rasimu. "Kampeni ya kurudisha wateja" inawaleta watu kwenye rafu tupu. "Kubadili uongozi" kumekwisha kufanyika kwa amri ya mahakama, kwa kuwa msimamizi ndiye anayeongoza. Zinabaki tatu.

Ya kwanza ni kufilisi mara moja. Inasimamisha hasara leo. Lakini supamaketi ya kupanga haina ardhi wala majengo ya kuuza, bali rafu zilizotumika, majokofu, bidhaa chache na jina. Thamani kubwa iko kwenye eneo lenye duka linalofanya kazi, na siku duka linapofungwa mwenye jengo analichukua. Wasambazaji, wasio na dhamana, wangebaki na karibu hakuna kitu.

Ya pili ni kuokoa matawi yote kwa mtaji mpya. Ndiyo iliyo karibu zaidi na lengo la kwanza la sheria, na supamaketi ya Uchumi inatajwa kama kielelezo: ilifungwa Juni 2006, ikafunguliwa tena, ikatoka mikononi mwa mrasimu, yaani meneja aliyewekwa kwa niaba ya wadai, 2010. Lakini Uchumi ilikuwa na Serikali miongoni mwa wanahisa wake, na serikali hiyo iliingilia kati. Tena Oktoba 2015 ilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Nakumatt haina mwanahisa wa aina hiyo, na mpango wa kuungana na supamaketi ya Tuskys uliotangazwa 2017 haujakamilika. Njia hii inategemea fedha ambazo hazijaonekana.

Ya tatu ni kupunguza hadi matawi machache ya Kenya, kuyajaza bidhaa kwa kulipa taslimu, na kuyauza yakiwa yanafanya biashara. Inahitaji fedha kidogo kuliko ya pili, na inalinda thamani ambayo ya kwanza inaitupa. Udhaifu wake ni kwamba wasambazaji wale wale wanaodai lazima wakubali kuleta mzigo tena.

Pendekezo

Msimamizi achukue njia ya tatu, akiwa na lengo la kuuza tangu siku ya kwanza. Rasimu ilisema "kufufua chapa", lakini hakuna ushahidi wa fedha za kuifufua. Ushahidi uliopo unafikia lengo la pili la sheria, na pendekezo liishie hapo.

Utekelezaji unatoka kwenye ugonjwa wenyewe. Wiki ya kwanza ni ya kupata hesabu za tawi moja moja. Tawi libaki ikiwa mauzo yake, likiwa na rafu zilizojaa, yanalipa pango, mishahara na umeme, na ikiwa mwenye jengo yuko tayari kusaini kwamba mnunuzi ataachiwa mkataba. Lisilotimiza yote mawili lifungwe mapema, kabla halijala fedha za mengine.

Mapato ya kila siku yaende kwenye akaunti ya pekee, na msambazaji alipwe humo kabla ya mzigo unaofuata. Deni la zamani libaki kwenye orodha ya wadai. Bila utengano huo, msambazaji anaombwa kuingia tena kwenye mzunguko ule ule, na ana kila haki ya kukataa. Tunalisisitiza hili kwa sababu miongoni mwao wapo wenye viwanda vidogo na wakulima wa mboga, na shilingi zao ndizo zilizojenga matawi yale.

Usimamizi wa aina hii huanza na miezi 12. Tunashauri kipimo cha siku 90: wasambazaji wakuu wawe wanaleta mzigo, na angalau mnunuzi mmoja awe ameandika bei. Kimoja kikikosekana, msimamizi arudi kwa wadai na kuomba kufunga wakati bado kuna mikataba ya pango ya kuuza.

Pendekezo litabadilika kwa mambo mawili. Mwekezaji akiweka fedha benki, si barua ya nia, njia ya pili ifunguliwe upya. Na hesabu zikionyesha kwamba matawi yalikuwa yakipata hasara hata rafu zilipojaa, basi utambuzi wetu una kasoro, tatizo halikuwa fedha za muda mfupi pekee, na kufilisi mara moja ndiyo njia yenye hasara ndogo kwa wadai.